"Regarding", "as regards" na ile "s" ya ziada: mambo ya barua pepe za ofisi ya mizigo

Kwenye ofisi ya wakala wa forodha ninakofanya kazi, hapa Dar es Salaam, barua pepe yoyote inayogusa pesa hupita kwangu kabla haijatumwa. Mizigo yetu mingi haiishii hapa. Inakwenda Lubumbashi, Kigali, Bujumbura na Lusaka, na imetoka Guangzhou, Mumbai au Dubai. Lugha inayotukutanisha wote ni Kiingereza, na karibu kila anayekiandika katika mnyororo huo alikikuta darasani, hakukipata nyumbani. Kwa hiyo nimesoma sentensi za kwanza za barua pepe kuliko kitu kingine chochote, na nina maoni makali kidogo juu ya "regarding" na ukoo wake.

Ukoo wenyewe ni huu: "regarding", "with regard to", "as regards", na yule wa nne ambaye wenye ukoo humkana, "in regards to". Wote wanafanya kazi ambayo sisi tumemwachia "kuhusu" peke yake. Vijana wa ofisini huwatumia kwa zamu, leo huyu kesho yule, kwa imani kwamba wote ni sawa na kwamba lenye maneno mengi ndilo lenye heshima zaidi. Hayo mawili yote si kweli, na ukishajua ni kwa nini, huhitaji kukariri orodha yoyote.

Kwanza nianze na kwa nini sisi hasa tunapenda kufungua barua kwa maneno haya. Chanzo ni barua ya karatasi. Tulifundishwa shuleni: anwani juu kulia, Kumb. Na., tarehe, anwani ya anayeandikiwa, salamu, halafu katikati ya ukurasa kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: "YAH: MAOMBI YA RUHUSA". Chini yake inafuata ile sentensi ambayo kila Mtanzania aliyewahi kuomba kazi anaijua: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kwa Kiingereza cha ofisi zetu ikawa "RE:" na chini yake "Reference is made to the above captioned subject". Wenzetu wa Kenya wana yao fupi, "The above subject refers", na wanaipenda vilevile.

Mtindo huo ulikuwa na sababu. Barua ikiingia ofisini ilipitia masijala, na karani wa masijala hakuwa na haja ya kuisoma yote. Alitazama kumbukumbu na kichwa cha habari, akajua iende faili gani, akaipeleka. Kichwa kilikuwa katikati ya ukurasa kwa ajili yake. Na sentensi ya "husika na kichwa" ilikuwa daraja tu, kumtoa msomaji kwenye kichwa na kumwingiza kwenye maneno.

Barua pepe ina kisanduku chake cha kichwa, kile kilichoandikwa Subject, na kisanduku hicho hakipo ndani ya barua. Anayepokea anakiona kwenye orodha ya barua zake kabla hajafungua chochote, na mara nyingi pembeni au chini yake simu inamwonyesha maneno machache ya mwanzo wa barua yenyewe. Sasa fikiria wakala wa meli mwenye barua mia asubuhi ile. Maneno machache uliyopewa umeyatumia kuandika "Reference is made to the above". Ameona nini? Hakuna. Tena hilo "above" halielekezi popote, kwa sababu akishafungua barua kwenye baadhi ya simu kichwa kinapanda juu na kupotea.

Kuna na hili la "RE:" lenyewe. Wengi hudhani ni kifupi cha "regarding", wengine husema ni cha "reply". Asili yake ni Kilatini, "in re", yaani katika jambo la. Na wanaoandika kanuni za mitandao waliliweka hivyo hivyo: waraka wa RFC 5322 wa mwaka 2008, ambao ndio unaoeleza umbo la barua pepe, unasema "Re: " inaweza kuanzia kichwa cha barua ya kujibu, unataja hiyo asili ya Kilatini, na unashauri isitumike zaidi ya mara moja. Kwa hiyo programu ya barua ndiyo inayoiweka, unapobonyeza kujibu. Programu za Kijerumani huweka "AW:", za Kiswidi "SV:", kila moja kwa neno lake la jibu.

Matokeo yake kiutendaji ni kwamba ukiandika kwa mkono "RE: CONTAINER RELEASE" kwenye barua mpya kabisa, anayepokea anaiona kama jibu la kitu alichokwisha kukuandikia. Anaanza kutafuta barua ya awali. Asipoiona, ama anadhani amepoteza kitu, ama anadhani wewe ni mmoja wa wale wanaojifanya wameshazungumza naye ili afungue barua zao. Kwenye karatasi "RE:" ni kichwa. Kwenye Subject ni jibu. Mimi hulifuta kila ninapolikuta kwenye barua mpya, na ninaliacha kwenye barua ya karatasi iliyoambatishwa, kwa sababu pale ndipo kwao.

Turudi kwenye ukoo, maana ile "s" ndiyo inayoleta ugomvi.

Neno "regard" linakuja kwa sura tatu katika semi hizi, na kila sura ina tabia zake. Katika "with regard to" ni jina. Jina hilo hapa liko katika umoja, na haliwezi kusimama peke yake: linahitaji "with" mbele na "to" nyuma. "In regard to" nayo ni halali, kwa mpangilio huohuo. Katika "as regards" ni kitenzi, na ile "s" ni ya kitenzi, ile ile ya "he pays" na "she writes". Ni kama "yahusu" yetu ya kwenye barua, ambayo tayari imebeba kiambishi chake. Kwa kuwa ni kitenzi, kinamshika mtendwa moja kwa moja bila "to": "as regards the invoice". Na katika "regarding" kitenzi kimeshavuliwa hadi kikawa kihusishi, sawasawa na "kuhusu" ambayo ilianza kama kitenzi na leo inatangulia majina bila kuomba msaada. Nayo haitaki "to".

Hapo ndipo unapoona "in regards to" imetoka wapi. Mtu ana "in regard to" kichwani, ana "as regards" kichwani, na kila siku anamalizia barua kwa "Best regards" au "Kind regards". Vitatu hivyo vinagongana mkononi na "s" inahamia kwenye jina. Tatizo ni kwamba jina "regards" kwa wingi lina maana yake tayari, nayo ni salamu. "Give my regards to your mother" ni nisalimie mama. Kwa hiyo "With regards to your container" ukiisoma kwa ukali ni barua inayolisalimia kontena. Nilipomweleza hivyo kijana mmoja wa nyaraka alicheka, akasema, "Dada, na limekaa bandarini siku nyingi, linahitaji kusalimiwa." Tangu siku hiyo hajaikosea.

Lazima niwe mkweli kwamba hakuna kontena lililozuiwa kwa sababu ya "s". Waingereza na Wamarekani wenyewe husema "in regards to" katika mazungumzo, Wamarekani hasa, na wengi hawasikii kasoro. Lakini wahariri na watu wanaojali maandishi huiona kuwa kosa, nawe hujui ni nani atakayeisoma barua yako upande wa pili. Kwa kuwa "regarding" ipo, ni fupi na haina mgomvi, sioni sababu ya kuibeba hiyo nyingine.

Kwa upande wetu sisi kuna makosa mengine mawili ambayo hutayakuta sana kwa Mwingereza. La kwanza ni "regarding to" na "as regards to". Nadhani "kuhusiana na" ndiyo inayotuponza. Sikio linataka kitu baada ya neno, na "to" iko karibu. La pili ni "as regard", bila "s", hasa mtu anapozungumzia vitu vingi. Anaandika "as regard the invoices" kwa hesabu kwamba ankara ni nyingi, basi kitenzi kipoteze "s". Hesabu ni nzuri lakini usemi huu umeganda. Iwe ankara moja au mia, unabaki "as regards", kama "as follows" inavyobaki "as follows" hata orodha iwe ndefu vipi.

Sasa nionyeshe kwa barua halisi, namba tu nimezibadilisha. Ilikuwa kontena la futi 40 la mteja wa Lubumbashi. Lilishushwa melini tarehe 6 Mei, na siku za bure, yaani siku ambazo kampuni ya meli haitozi chochote kwa kukaa na kontena lake, zilikuwa zinaisha tarehe 20. Forodha walikuwa hawajamaliza tathmini. Tulitaka siku tano za nyongeza kabla mita haijaanza kusoma kwa dola. Kijana akaniletea hii:

```
Subject: RE: ABOVE CONTAINER

Dear Sir/Madam,
Reference is made to the above subject.
In regards to the container which arrived last week.
We are kindly requesting for extension of free days.
```

Ukiisoma kwa macho ya Kiswahili haina ubaya. Ina adabu, ina mpangilio. Isome kwa macho ya wakala. Kichwa kinamwambia kwamba ni jibu, na kwamba kontena limetajwa juu, juu ambako hakuna kitu. Mstari wa kwanza unamrudisha kwenye kichwa hicho. Wa pili una "s" yake, lakini kosa kubwa zaidi ni kwamba si sentensi. Ni kihusishi na jina, halafu nukta. Kontena lililofika wiki iliyopita limefanya nini? Wa tatu ndio wenye ombi, lakini hauna idadi ya siku wala tarehe, na "requesting for" ina "for" ya ziada, kwani kitenzi "request" kinashika kitu moja kwa moja. Kontena zilizofika wiki ile zilikuwa nyingi mno. Wakala atajibu kuuliza ni lipi, na kati ya swali na jibu siku moja ya bure imekwenda.

Tuliiandika upya hivi, safari hii kwa namba ya B/L, yaani hati ya shehena:

```
Subject: Request for 5 more free days - B/L 4471

I am writing about B/L 4471, one 40-foot container
discharged in Dar es Salaam on 6 May. Could you please
extend the free time by five days, to 25 May?
```

Tazama kwamba hakuna hata mmoja wa ukoo ule. Kuna "about". Kijana alinitazama kama nimemvua mteja koti mbele ya watu. "Dada, hii si ya kienyeji?" Hapana. "I am writing about" ni ya heshima kamili kwa mtu yeyote, na ukiona ni nyepesi mno, "I am writing regarding" itakaa palepale bila kubadilisha kitu kingine. "I am writing with regard to" nayo ni sahihi, imevaa suti tu. Heshima ya barua hii imebebwa na "Could you please" na kule kumrahisishia kazi kwa kumpa namba ya hati, tarehe ya kushushwa na tarehe tunayoiomba. Na "Request for" ya kwenye kichwa iko sawa, kwa sababu pale "request" ni jina.

Wakala alijibu siku ileile, na jibu lake lilikuwa na maswali mawili: kwa nini mzigo umechelewa, na nani atalipa amana ya kontena. Hapa ndipo "regarding" na "as regards" zinapopata kazi yao halisi. Mambo mawili yameshatajwa, wote wawili mnayajua, na unahitaji kibao cha kumwonyesha msomaji kwamba sasa unajibu la kwanza, sasa la pili. Rasimu ya kijana ilisema:

```
Regarding the delay, is because customs assessment
completed yesterday. With regards to deposit will be
paid by consignee.
```

Nikae kidogo hapa, kwa sababu kosa hili nalikuta kila mara na sijawahi kuona mtu akilieleza kwa wasemaji wa Kiswahili. Geuza rasimu iwe Kiswahili: "Kuhusu kuchelewa, ni kwa sababu tathmini ya forodha imekamilika jana. Kuhusu amana, italipwa na mwenye mzigo." Haina doa. Kitenzi "italipwa" kimebeba "i" ya amana ndani yake, na "ni" haihitaji mtu mbele yake. Kiswahili kinakuruhusu kutaja jambo kwa "kuhusu", kupumua kwa mkato, kisha kuendelea na kitenzi, kwa kuwa kitenzi chetu hakitembei bila mtenda wake. Kitenzi cha Kiingereza kinatembea uchi. "Will be paid" haina mtu ndani, na "the deposit" iliyotajwa kwenye "with regard to" haiwezi kumsaidia, kwa sababu imeshafungwa na kile kihusishi. Haiwezi kuwa mtenda wa sentensi tena.

Namna ya kulikamata kosa hili ni kuufunika usemi wote hadi kwenye mkato kwa kidole, kisha kusoma kilichobaki. "Is because customs assessment completed yesterday." Hakisimami. "Will be paid by consignee." Hakisimami. Kilichobaki lazima kiwe sentensi kamili ambayo ungeweza kuituma peke yake. Ilivyotoka baada ya kurekebishwa:

```
Regarding the delay, customs completed the assessment
only yesterday. As regards the deposit, the consignee
will pay it before collection.
```

Funika tena kwa kidole: "customs completed the assessment only yesterday", sawa. "the consignee will pay it before collection", sawa. Na pale ambapo jambo ni moja tu, hata kibao hicho hukihitaji. "The consignee will pay the deposit before collection" inatosha, na ni fupi. Nimeona watu wakirekebisha "Regarding the deposit will be paid" kwa kuongeza "it", ikawa "Regarding the deposit, it will be paid". Hiyo ni sahihi, ila mara nyingi ni kuzunguka nyumba ili uingie mlango uliokuwa wazi mbele yako.

Kuhusu mkato wenyewe, usemi ukiwa mwanzoni mwa sentensi unafuatwa na mkato. Ukiwa katikati, kama "I am writing regarding B/L 4471", haufuatwi na kitu.

Utaona pia kwamba "as regards" nimeiweka kwenye jambo la pili. Hiyo ni hukumu yangu, wengine wataipinga, lakini usemi huu kwa sikio langu ni wa kugeuza mazungumzo: tumemaliza lile, sasa hili. Ukiufungulia nao barua, msomaji anahisi ameingia katikati ya maongezi. Sarufi haikatazi, mimi ndiye ninayekataza, na wa ofisini wamezoea. Ni wa kirasmi kidogo pia na una harufu ya Uingereza. Wanaotaka chepesi husema "as for", lakini hiyo ina dharau fulani ndani yake, "ama kuhusu wewe", kwa hiyo siitumii ninapozungumzia malalamiko ya mteja.

"With regard to" ninaihifadhi kwa barua zenye uzito: kujibu barua rasmi yenye tarehe, kujibu mwanasheria, kujibu bima. Mfano, "With regard to your letter of 12 May, we confirm that the seal was intact on arrival." Hapo mtu anataka kuona umeishika barua yake mkononi, na urefu wa usemi unaendana na shughuli. Kwenye barua pepe ya mistari mitatu kwa mtu mnayeandikiana kila siku, usemi huohuo unasikika kama umenuna.

"Regarding" kufungua sentensi ya kwanza kabisa inakubalika kwa sharti moja, kwamba msomaji anajua unachokizungumzia. "Regarding your question about the seal, we checked it on arrival" ni nzuri, kwani swali ni lake. "Regarding our new transport rates" kwa mtu asiyejua kwamba kuna bei mpya ni kumvuta kwenye mazungumzo ambayo hayajaanza. Jambo likiwa jipya kwake, lipe sentensi yenye mtenda na kitenzi: "We have new transport rates from 1 June." Hili naliona muhimu kuliko habari ya "s", na ndilo linalosahaulika watu wanapobishana juu ya "s".

Ofisi za serikali ni suala jingine. Ukiandikia mamlaka au wizara, barua ya karatasi yenye Kumb. Na. na kichwa kilichopigiwa mstari bado ndiyo inayotembea, hata ikitumwa kama kiambatisho. Sijaribu kuifanya ya kisasa. Ndani ya kiambatisho naacha "YAH:" au "RE:", nanukuu kumbukumbu yao kama walivyoiandika, na naanza na "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na." fulani ya tarehe fulani. Barua pepe inayokibeba ndiyo ninayoiandika kwa sentensi mbili za kawaida, "Please find attached our reply to your letter of 12 May" na ombi kama lipo. Waombaji wa kazi nawaambia vilevile: suti ivaliwe na barua iliyoambatishwa, na kwenye Subject waandike nafasi wanayoiomba na jina lao. Sentensi ya kwanza iwe "I am applying for the post of", ambayo haihitaji "in regards to" wala ndugu yake yeyote, maana kitenzi chenyewe kimeshasema.

Jambo jingine linalohusu kichwa, na hili hutokea sana kwenye mizigo: barua ya Mei inajibiwa hadi Julai, na kwenye kichwa bado ni "Re: Request for 5 more free days" wakati sasa mnazungumzia kontena jingine. Hapo "regarding" haikuokoi, hata uiandike vizuri kiasi gani, kwa sababu atakayeitafuta barua hiyo baadaye atatafuta kwa kichwa. Anzisha barua mpya yenye namba mpya ya B/L. Kwenye Gmail, ukibadilisha Subject unapojibu, barua inajitenga na kuwa mazungumzo mapya.

Wateja wetu wanaotuandikia "in regards to" wapo wengi, na baadhi yao ni watu wazima wenye ofisi kubwa kuliko yetu. Siwasahihishi. Ninajibu kwa "regarding" au "about" na kuendelea na kontena lao. Ninachokataza ofisini ni kitu kimoja tu katika hilo, yaani kurekebisha maneno ya mtu tunapoyanukuu. Tuna mkataba mmoja uliosainiwa ambao kifungu chake cha bima kinaanza na "In regards to loss or damage". Tunapokinukuu kwenye madai tunakinakili kama kilivyo, na "s" yake, ndani ya alama za kunukuu, kisha sentensi yetu wenyewe inaanza baada ya hapo.